Shilingi 12,000 kwa 10,000: Kwa Nini Mkopeshaji wa Mtaani Hutoza Riba Kubwa Kuliko Benki

Katika soko la mitumba la Gikomba, Nairobi, masharti ya mkopo wa mtaani huelezwa kwa pumzi moja: unachukua shilingi 10,000 leo, na mwezi ukiisha unarudisha 12,000. Hakuna fomu ya kujaza wala foleni. Mkopeshaji, ambaye Wakenya wengi humwita shailoki, anaandika jina na tarehe kwenye daftari, anatuma pesa kwa simu, na kabla ya saa mbili asubuhi mfanyabiashara amekwisha kulipia belo lake la nguo za watoto na kulifungua mbele ya wateja.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa afisa wa mikopo katika chama cha akiba na mikopo jijini Nairobi, na hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kuliko hili la tofauti kati ya riba ya mtaani na ya benki. Wanaouliza huwa tayari wana jibu lao. Wengine wanasema wakopeshaji ni wanyonyaji na basi, wengine wanasema mikopo ya mtaani ni ya hatari na basi. Kila jibu lina ukweli ndani yake, lakini hakuna kati ya hayo mawili linaloweza kueleza shilingi 2,000 zote. Katika majibu yanayofuata nimetumia mfano wa daftari moja la mkopeshaji. Hesabu zake nimezipanga mwenyewe kwa kufuata bei ninazozijua mtaani, na si za mtu fulani.

Riba hiyo ni kubwa kiasi gani ikilinganishwa na ya benki?

Benki hutaja riba yake kwa mwaka na mkopeshaji hutaja yake kwa mwezi, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuziweka kwenye kipimo kimoja. Kwa miaka kumi iliyopita, wastani wa riba ya mikopo ya benki nchini Kenya umekuwa kati ya takriban asilimia 12 na 18 kwa mwaka. Asilimia 20 kwa mwezi ni asilimia 240 kwa mwaka, hata kabla ya riba kuanza kuzaa riba. Mkopaji akishindwa kulipa, na mkopeshaji akawa anaijumlisha riba kwenye deni kila mwezi, shilingi 10,000 hugeuka kuwa zaidi ya 89,000 baada ya miezi kumi na miwili. Kwa upande wa benki jambo hilo lina mpaka wa kisheria: tangu mwaka 2007, Sheria ya Benki imeweka kwamba mkopo ukishaacha kulipwa, riba inayoweza kudaiwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki.

Hata hivyo, asilimia za mwaka hazimwonyeshi mfanyabiashara wa Gikomba kitu anachokinunua, kwa sababu yeye hakopi kwa mwaka. Ni afadhali tuihesabu riba ya benki kwa mkopo wake yeye. Shilingi 10,000 kwa asilimia 15 kwa mwaka, kwa mwezi mmoja, huzaa riba ya shilingi 125. Kiasi hicho hakitoshi hata nauli ya bodaboda ya kwenda kumwona mkopaji na kurudi. Ukitaka kuelewa tofauti yote, anza na shilingi 125 hizo, ujiulize ni nani angeweza kuifanya kazi ya kumkopesha mtu asiyemjua, na kumfuatilia mpaka alipe, kwa malipo hayo.

Je, sababu kubwa si kwamba wakopaji wa mtaani hawalipi?

Ni sababu ya kweli, ila hufanya kazi kwa namna ambayo wengi hawaioni. Watu hudhani kwamba riba ya mkopeshaji iko juu kwa sababu nusu ya wateja wake humtoroka. Sivyo. Mkopeshaji ambaye nusu ya wateja wake humtoroka hamalizi miezi mitatu akiwa na mtaji. Wale wanaodumu hupoteza wachache sana, na kinachowagharimu ni kwamba hupoteza wachache hao katika kila mzunguko.

Tulifungue daftari la mfano. Mwezi huu mkopeshaji ametoa mikopo 50 ya shilingi 10,000 kila mmoja, yaani shilingi 500,000 kwa jumla. Watu 45 wanalipa kwa wakati. Watatu wanachelewa miezi miwili mitatu lakini hatimaye wanalipa. Wawili wanapotea kabisa: mmoja amehama chumba usiku, mwingine amerudi kwao mashambani na laini yake ya simu haipatikani. Ili mkopeshaji apate tena shilingi 500,000 zake tu, bila faida yoyote, kila mmoja wa wale 48 waliobaki anapaswa kurudisha takriban shilingi 10,417. Hizo shilingi 417 ni asilimia 4 na kidogo kwa mwezi, na kwa mwaka ni kama asilimia 50.

Hasara ya watu wawili kati ya hamsini inaonekana ndogo. Benki yenye mikopo ya mwaka mzima, ikipoteza watu wawili kati ya hamsini, huilipia hasara hiyo mara moja kwa mwaka, kwa hiyo inahitaji asilimia 4 tu za ziada katika riba yake ya mwaka. Mkopeshaji wa mwezi huipata hasara hiyohiyo mara kumi na mbili. Uaminifu wa wateja ni uleule, lakini ufupi wa mkopo peke yake umeizidisha riba inayohitajika mara kumi na mbili.

Jambo la pili ni dhamana. Benki za Kenya nazo zina mikopo mingi isiyolipwa. Mwishoni mwa mwaka 2024, zaidi ya shilingi 16 katika kila 100 walizokopesha zilikuwa kwenye mikopo iliyoacha kulipwa ipasavyo. Lakini nyuma ya mingi ya mikopo hiyo kuna hati ya shamba, gari au mshahara unaopitia benki, na sehemu ya deni hurudi kwa njia hiyo. Mkopeshaji wa mtaani hushika televisheni au jokofu ambalo likiuzwa huleta theluthi ya bei, au hashiki chochote. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwezi Aprili 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu angeweza kuipeleka kesi ya shilingi 10,000 huko. Lakini mkopeshaji asiye na leseni hana hamu ya kusimama mbele ya hakimu aeleze biashara yake, na siku mbili tatu za kwenda mahakamani zingemaliza sehemu kubwa ya pesa anazozidai.

La tatu ndilo linalowavunja wakopeshaji wengi, nalo ni wateja kushindwa kulipa wote kwa pamoja. Mkopeshaji huwajua watu wa mahali pamoja, na mahali pamoja huungua pamoja. Mwezi Juni 2018, moto ulizuka usiku Gikomba, ukaua watu 15 na kuteketeza bidhaa za wafanyabiashara wengi. Aliyekuwa na wateja thelathini katika eneo hilo alipoteza mtaji wake kwa usiku mmoja, na hakuwa na cha kuwadai watu walioomboleza. Mwaka 2020, serikali ilizuia uingizaji wa mitumba kuanzia mwanzo wa janga la korona hadi Agosti, na soko zima likakauka kwa wakati mmoja. Benki yenye wateja walimu, wakulima wa chai na wenye malori katika kaunti mbalimbali huumizwa na mambo kama hayo, lakini haizimwi nayo.

Kama hasara inaeleza shilingi 417 tu, nyingine zinakwenda wapi?

Nyingi zinakwenda kwenye miguu, muda na simu. Hapa ndipo ninapoona maelezo mengi ya suala hili yanapita haraka mno.

Kabla ya kumkopesha mtu mpya, mkopeshaji makini hufanya kazi ambayo afisa wa benki angeitambua mara moja. Anakwenda kwenye kibanda asubuhi, wakati wa mauzo, aone kama wateja wapo kweli. Anamuuliza jirani wa kibanda swali la kawaida tu, kama vile huyu mama ana muda gani hapa. Anakwenda mpaka nyumbani ili ajue mlango. Anauliza kwa mwenye nyumba, bila kelele, kama kodi inalipwa kwa wakati. Kisha, siku ya malipo ikikaribia, anapiga simu, na siku yenyewe anapita sokoni kabla pesa hazijapata shughuli nyingine. Kwa bei za mtaani, nauli za safari hizo ni kama shilingi 300, simu na ada za kutuma pesa kama 100, na nusu siku ya kazi yake tuiweke shilingi 400. Jumla ni shilingi 800 kwa mkopo mmoja.

Shilingi 800 hizo hazijui ukubwa wa mkopo. Kumjua mtu anayeomba 10,000 kunahitaji hatua zilezile, na karibu saa zilezile, za kumjua mtu anayeomba milioni moja. Tofauti ni kwamba 800 ni asilimia 8 ya 10,000, wakati kwa milioni moja ni chini ya asilimia 0.1. Hata gharama ya benki kubwa ya kuukagua mkopo wa milioni moja ikifika shilingi 10,000, pamoja na mwanasheria na mthamini, hiyo ni asilimia moja tu, na inasambazwa kwenye miaka mitatu ya malipo.

Kuna pia bei ya pesa zenyewe. Benki hukopesha amana za watu, na nyingi kati ya amana hizo ziko kwenye akaunti zinazopata riba ndogo au zisizopata riba kabisa. Mkopeshaji hukopesha akiba yake, au pesa alizochukua kwenye chama cha akiba na mikopo kwa asilimia moja kwa mwezi. Tena hawezi kuzikopesha zote, kwa sababu mteja mzuri akija saa kumi na mbili asubuhi na kukosa pesa, atakwenda kwa mwingine. Tukisema theluthi ya mtaji hukaa bila kazi, basi ili awe na shilingi 500,000 mikononi mwa watu anahitaji 750,000, na gharama ya hizo ni shilingi 7,500 kwa mwezi.

Sasa tunaweza kuufunga mwezi wa daftari letu. Riba iliyopatikana kwa watu 48 ni shilingi 96,000. Hasara ya wale wawili ni 20,000. Kuwachunguza na kuwafuatilia watu 50 kumegharimu 40,000, na kuwasaka watano waliochelewa au kupotea kumeongeza kama 5,000. Bei ya pesa ni 7,500. Matumizi yote ni shilingi 72,500, na faida ni 23,500, ambayo ni kama asilimia 3 ya mtaji kwa mwezi. Nimemwonea huruma kidogo mkopeshaji huyu kwa kuwahesabia waliochelewa kana kwamba walilipa mwezi uleule.

Tazama uwiano wake. Pesa zilizopotea ni 20,000, lakini kazi ya kujua nani atalipa na kuhakikisha amelipa imechukua 45,000, zaidi ya mara mbili. Mambo ya namna hii yalionekana pia katika uchunguzi uliofanywa miaka ya 1980 na 1981 katika mji wa Chambar nchini Pakistani. Wakopeshaji wa huko walitoza wastani wa karibu asilimia 80 kwa mwaka ingawa pesa walizopoteza kwa wasiolipa zilikuwa kidogo, na sehemu kubwa ya riba ilitokana na gharama ya kuwachuja waombaji. Hasara ilikuwa ndogo kwa sababu uchujaji ulikuwa ghali.

Kwa nini basi benki isiingie Gikomba na kutoza asilimia 20, kama faida ipo?

Kwa sababu haina taarifa, na bei kubwa haiwezi kuziba pengo la taarifa. Inaweza hata kulipanua.

Tuseme benki, isiyomjua mtu yeyote sokoni, inatangaza mikopo kwa asilimia 20 kwa mwezi bila uchunguzi. Ni nani atakayekuja kwanza? Mama mwenye mauzo ya uhakika ataihesabu faida ya belo lake, aone kwamba riba inaimeza, na kurudi nyuma. Anayebaki kwenye foleni ni yule mwenye dharura isiyo na njia nyingine, pamoja na yule ambaye riba haimsumbui kwa kuwa tangu mwanzo hana nia ya kulipa. Benki ikipata hasara na kupandisha hadi asilimia 30 ili kuifidia, waaminifu waliobaki wanaondoka pia. Juu ya hayo, mtu aliyebanwa na deni kubwa hushawishika kufanya biashara ya bahati nasibu, kama vile kununua mzigo wa bei rahisi asioufahamu, kwa sababu biashara ya kawaida haiwezi tena kuilipa riba hiyo. Wanauchumi Joseph Stiglitz na Andrew Weiss walilieleza jambo hili mwaka 1981: mkopeshaji asiyeweza kuwatofautisha waombaji huona ni heri awanyime baadhi yao mkopo kuliko kuwapandishia bei. Kwa hiyo mwuza nguo anapoambiwa na benki kwamba hafai, mara nyingi maana yake ni kwamba benki haina namna ya kujua kama anafaa.

Mkopeshaji wa mtaani anayo namna hiyo. Anaishi na wakopaji wake na kuwaona kila siku. Akiona kibanda kimefungwa Jumanne na Jumatano, huuliza Jumatano jioni, wakati benki ingegundua baada ya malipo mawili kukosekana.

Tunaweza kulipima wazo hili, kwa sababu Kenya imelishuhudia. Mwezi Novemba 2012, Safaricom pamoja na benki ya biashara iliyoitwa wakati huo Commercial Bank of Africa, ambayo leo ni sehemu ya NCBA, walianzisha huduma ya M-Shwari. Mteja aliomba mkopo kwa simu, na uamuzi ulitolewa na mashine kwa kutazama matumizi yake ya simu na ya M-Pesa. Ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukiihesabu kwa mwaka, hiyo ni asilimia 90, na iliyokuwa ikiitoza ni benki iliyosajiliwa, si shailoki. Benki iliposhuka kwenye mikopo midogo ya mwezi mmoja isiyo na dhamana, bei yake nayo ilipanda mara kadhaa, kwa kuwa hasara ya kila mzunguko haimpiti mtu. Lakini haikufika asilimia 20, kwa kuwa ile kazi ya nauli, simu na nusu siku ilikuwa imeondolewa, na kumbukumbu zilikuwepo tayari. Ukilitazama pengo kati ya 7.5 na 20, unaiona bei ya kumjua mtu kwa miguu.

Mashine ina kikomo chake. Inajua pesa zilizoingia na kutoka, lakini haijui kwamba mama ana belo lililojaa nguo zenye madoa. Ndiyo maana huanza na viwango vidogo sana kwa mteja mpya, na mwenye haja ya 10,000 leo hujikuta amepewa 1,000, akarudi kwa mwenye daftari.

Nimekopa kwa mtu mmoja kwa miaka mitatu na sijawahi kuchelewa. Kwa nini bado nalipa asilimia 20?

Hapa hesabu ya gharama inaacha kumtetea mkopeshaji. Kwa mteja wa namna hii hakuna tena safari ya kutafuta mlango wala swali kwa jirani. Shilingi 800 zimeshuka hadi labda 200 za simu na ada. Tumpe bei ya pesa shilingi 150, na akiba ya hasara 100 badala ya 417. Gharama yote ni shilingi 450, naye analipa 2,000.

Sehemu ya ile 1,550 inafidia hasara iliyoletwa na wateja wapya, maana waaminifu ndio hulipia wasiolipa. Sehemu nyingine ni faida inayotokana na jambo moja: rekodi ya miaka mitatu imeandikwa katika daftari la mtu mmoja. Mama huyu akienda kwa mkopeshaji wa pili, anakuwa mgeni tena, na atachunguzwa na kutozwa kama mgeni. Mkopeshaji wake anajua hivyo. Taarifa iliyokuwa gharama mwaka wa kwanza imekuwa uzio mwaka wa tatu, na lango lake lina mmiliki mmoja. Ninaliona hili kuwa dhuluma iliyo kubwa kuliko kiwango chenyewe cha riba, kwa sababu uaminifu ni wa mama na faida yake inakwenda kwa mwingine.

Mashirika ya taarifa za mikopo, yale ambayo watu huyaita CRB, yalianza kupewa leseni nchini mwaka 2010 kwa kusudi la kuifanya rekodi imfuate mkopaji popote aendapo. Kwa bahati mbaya, wengi wamelijua neno hilo kama orodha ya aibu, ya waliokosea tu. Malipo mazuri pia huandikwa, mradi mkopeshaji awe miongoni mwa wanaopeleka taarifa. Mwenye daftari la mtaani hayumo.

Kwa nini serikali isiweke kikomo cha riba?

Iliweka. Kuanzia tarehe 14 Septemba 2016, benki zilizuiwa kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kwa kuwa kiwango hicho kilikuwa 10.5, kikomo kikawa 14.5. Lengo lilikuwa jema, na waliokuwa tayari na mikopo mikubwa walipata nafuu. Lakini mkopaji mdogo ambaye gharama yake ilizidi bei iliyoruhusiwa hakupewa mkopo wa bei nafuu, alinyimwa mkopo. Benki zilielekeza pesa kwenye hati za dhamana za serikali na kwa kampuni kubwa, huku mikopo ya simu isiyosimamiwa na mtu ikishamiri. Kikomo kiliondolewa Novemba 2019. Baadaye, sheria ya mwaka 2021 na kanuni za Machi 2022 ziliwataka wakopeshaji wa kidijitali wapate leseni ya Benki Kuu, na ziliwakataza kuwadhalilisha wadeni kwa kuwapigia jamaa na marafiki zao simu. Kuhusu mwenye daftari, kikomo cha bei kisichogusa gharama ya kumjua mteja kingemsukuma afanye kazi yake kwa siri zaidi, na siri nayo angeitoza.

Nitajuaje kama bei ninayotozwa ni ya gharama au ni ya kubanwa?

Angalia bei inafanya nini mambo yanapobadilika. Mkopo ukikua kutoka 10,000 hadi 40,000, gharama ya kukujua haikui, kwa hiyo asilimia inapaswa kushuka. Ukilipa baada ya siku kumi badala ya thelathini, pesa zimekaa kwako muda mfupi, na sehemu ya riba inapaswa kupungua. Ukiwa umelipa mara sita mfululizo, hatari yako si ile ya mwanzo. Mkopeshaji anayesogeza bei kidogo katika mojawapo ya hali hizo anafuata gharama zake. Asiyeisogeza katika hali yoyote anafuata kutokuwa kwako na pa kwenda.

Mama mmoja, mwuzaji wa nguo za watoto, alikuja ofisini kwetu akiwa katika hali hiyo ya mwisho. Hakuwa na hati wala akaunti ya benki yenye maana, lakini tangu awali alikataa kulipa kwa noti. Kila deni alikuwa amepokea na kulilipa kwa M-Pesa, kwa namba moja. Tuliipata taarifa yake ya miezi kumi na minne, tukachukua kalamu na kuweka alama kwenye kila 10,000 iliyoingia kutoka kwa namba ile na kila 12,000 iliyoirudia. Zilikuwa jozi kumi na moja, na iliyochelewa kuliko zote ilichelewa siku nne. Kazi hiyo ilituchukua dakika arobaini. Alijiunga, akaweka akiba kwa miezi mitatu kama masharti yalivyotaka, na mkopo wake wa kwanza kwetu ulikuwa shilingi 30,000 kwa asilimia moja kwa mwezi ya deni lililobaki.